Kugawana mavuno si kukodi shamba

"Nimekodi shamba, nusu kwa nusu." Maneno haya husikika kila msimu wa kupanda, na ndani yake mna mapatano mawili yasiyopatana. Anayekodi hulipa kiasi kilichotajwa, kwa fedha au kwa mazao, na kiasi hicho hakipungui hata mvua ikikatika. Anayegawana mavuno huahidi sehemu ya kitakachovunwa. Shamba lisipotoa kitu, mwenye shamba hana cha kudai. Katika kukodi, hasara ya msimu mbaya ni ya mlimaji peke yake. Katika kugawana, wote wawili wanaibeba, ingawa si lazima kwa uzito uleule.

Uzito huo hutegemea jambo ambalo neno "nusu" halilisemi: ni nusu ya mavuno yote, au ni nusu ya kinachobaki baada ya kurudisha gharama za pembejeo?

Tuseme ekari mbili za mahindi zimetoa gunia 40, na mbegu, mbolea, dawa na vibarua vimegharimu thamani ya gunia 12, zote zikitoka mfukoni mwa mlimaji. Wakigawana mavuno yote, kila mmoja anachukua 20, lakini mlimaji akitoa gharama zake anabaki na 8. Wakirudisha gharama kwanza, zinabaki 28, na kila mmoja anapata 14. Msimu ukiwa mbaya, zikatoka gunia 16 tu, kwa njia ya kwanza mwenye shamba anapata 8 na mlimaji anabaki na deni la 4. Kwa njia ya pili mlimaji anarudishiwa 12 zake, kisha wanagawana 4 zilizobaki, mbili mbili. Mapatano yote haya huitwa nusu kwa nusu.

Njia ya kwanza ina kasoro nyingine ambayo wenye mashamba wengi huichukulia kuwa uvivu wa mlimaji. Mbolea ya kukuzia yenye thamani ya gunia 3 ikiongeza mavuno kwa gunia 5, shamba limepata faida ya 2. Lakini mlimaji anayelipia mbolea yote na kuchukua nusu ya ongezeko anatoa 3 ili apate mbili na nusu. Kwa hiyo haiweki. Mahindi yakifika magotini, majani ya chini yanaanza kuwa manjano kutoka ncha kuelekea katikati, dalili ya kukosa naitrojeni, na ugomvi unaanza. Dawa yake ni kuchangia pembejeo kwa uwiano uleule wa kugawana mavuno: kila mmoja akilipia nusu ya mbolea, mlimaji anatoa moja na nusu na kupata mbili na nusu, naye ataiweka bila kusukumwa.

Ni heri mchango huo utolewe mapema, na kila kilicholetwa kiandikwe siku hiyohiyo. Gharama zikisubiri kurudishwa wakati wa mavuno, bei ya mazao kwa kawaida imeshuka, na deni lilelile la fedha linameza magunia mengi kuliko yaliyokadiriwa. Kama hakuna njia ila kusubiri, mkubaliane tangu mwanzo gunia litahesabiwa kwa bei gani.

Muda nao hautoshi kutajwa kwa miaka tu. "Mwaka mmoja" unaweza kuisha muhogo ukiwa bado ardhini, kwa hiyo andika kwamba mapatano yanakwisha baada ya mavuno ya zao lililopo. Muda mfupi pia humzuia mlimaji kutunza udongo, kwa sababu chokaa au samadi anayoweka leo hufanya kazi kwa misimu kadhaa na huenda akaondoka kabla ya kuifaidi.

Hapo ndipo swali la maendelezo linapoingia. Pampu na mabomba yasiyofukiwa ni mali ya aliyeyanunua, naye huondoka nayo. Kisima, matuta ya kuzuia mmomonyoko na mara nyingi hata miti, kwa sheria za nchi nyingi, hufuata ardhi isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo omba kibali cha maandishi kabla ya kuchimba au kupanda, na mwandike namna ya kufidia. Njia rahisi ni kugawa gharama kwa misimu inayotarajiwa: chokaa ya thamani ya gunia 8, iliyokadiriwa kudumu misimu minne, ikiwa mlimaji anaondoka baada ya miwili, anadai 4. Kufidiwa huko hakumfanyi kuwa mmiliki wa kipande chochote cha shamba, na mwenye shamba anayekubali kulipa hajapoteza ardhi yake.