Hisa zilizotolewa si hisa zilizopo sokoni

“Kampuni imetoa hisa milioni 100, kwa hiyo hisa zote milioni 100 zinanunulika sokoni, sivyo?”

Hapana, na mara nyingi tofauti ni kubwa. Chukua kampuni ya mfano: familia ya mwanzilishi ina hisa milioni 50, mshirika wa kimkakati asiyekusudia kuuza ana milioni 15, na umma una milioni 35. Hizo 35 pekee ndizo hisa huru, yaani zinazoweza kubadilisha mikono siku yoyote.

Sasa kampuni inanunua hisa zake milioni 10 kutoka kwa umma na kuziweka. Hizo huitwa hisa za hazina. Kwa kawaida hazipigi kura wala hazipati gawio, kwa hiyo hesabu ya kura na gawio inabaki kwenye hisa milioni 90. Hisa huru zimeshuka hadi milioni 25, na familia, bila kununua hata hisa moja, imetoka nusu kamili ya kura hadi karibu asilimia 56. Hili ndilo watu wengi hawalioni, nami naona ndilo zito zaidi.

Hisa huru zikiwa chache, oda ya kawaida tu yaweza kuirusha bei. Oktoba 2008 ilibainika kwamba hisa za Volkswagen zilizobaki huru hazikufika hata asilimia 6. Waliouza hisa za kuazima wakagombania kuzinunua ili wazirudishe kwa wenyewe, na bei ikapita euro 1,000 kwa muda mfupi.

Kabla ya kununua, fungua ripoti ya mwaka usome orodha ya wanahisa wakubwa na maelezo ya mtaji wa hisa.