Saini ya jirani haisogezi ukuta: dhana potofu kuhusu kibali cha kujenga nyumba ndogo Uganda

Dhana: Jirani akisaini na mwenyekiti wa LC 1, baraza la kijiji, akigonga muhuri, msingi unaweza kuchimbwa.

Hapana. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013, kibali hutolewa na Kamati ya Majengo ya eneo lako. Maombi hupitia BIMS, mfumo wa mtandaoni wa Bodi ya Taifa ya Mapitio ya Majengo. Barua ya jirani ni kiambatisho tu. Inasaidia pale ukuta, paa au mtaro unapokaribia mpaka, lakini haifuti umbali ambao kamati inautaka.

Barua yenyewe itaje namba za viwanja vyote viwili, tarehe ya ramani anayoikubali jirani, na kitu hasa anachokikubali. Hakikisha anayesaini ndiye mwenye ardhi. Saini ya mpangaji haina uzito, hata kama ameishi hapo miaka mingi. Na mwenye kibanja, yaani anayekaa kwenye ardhi ya mailo yenye hati ya mtu mwingine, asichanganye ridhaa ya jirani na ridhaa ya mwenye hati. Hizo ni karatasi mbili tofauti.

Dhana: Ukubwa wa kiwanja ni ule alioutaja muuzaji.

Hapa maombi yanaweza kukwama. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 huuzwa kwa jina la "desimali 12 na nusu", desimali moja ikiwa sehemu ya mia ya ekari. Ukikipima, ni mita 15.24 kwa 30.48, yaani kama mita za mraba 465, au hekta 0.0465. Hizo ni desimali 11 na nusu hivi. Ukijaza 12.5, fomu inapingana na hati, na mkaguzi hana namna ila kuirudisha. Nakili bloku, namba ya kiwanja na hekta kutoka kwenye hati, kisha mpima ardhi athibitishe mawe ya mpaka.

Tuseme nyumba ina upana wa mita 12 katikati ya kiwanja hicho. Kila upande inabaki mita 1.62. Paa likitokeza sentimita 60, kutoka ukingo wake hadi mpaka ni mita 1.02 tu. Ua wa jirani ukiwa umeingia ndani ya kiwanja chako, hata hiyo hupungua. Jambo hili lijadiliwe na jirani kabla ya kuchora, maana maji ya mvua yatamwangukia yeye.

Dhana: Ramani iliyopigwa picha kwa simu inatosha.

Vipimo hupotea. Ukuta wa mita 12 kwa skeli ya 1:100 unapaswa kuwa sentimita 12 kwenye karatasi. Karatasi ya A1 ikibanwa hadi A3 unakuwa sentimita 6, wakati maandishi bado yanasema 1:100. Mwombe msanifu atoe PDF moja kwa moja kutoka kwenye programu yake, katika ukubwa halisi wa karatasi, kisha pima ukuta mmoja kabla ya kupakia.

Dhana: Risiti ya malipo ni kibali.

Ni uthibitisho wa malipo tu. Subiri uamuzi wa kamati.