Kwa nini kengele ya tangi la maji inamaliza betri: maelezo kwa watengenezaji na wanunuzi wa Arusha na Moshi

Tangu mvua za masika ziishe, dawati letu la upimaji limepokea malalamiko mengi kuhusu kengele za tangi la maji, vile vidude vya betri vinavyolia maji yakipungua. Mama mmoja kutoka Machame alikuja nacho mkononi akaniambia, "Mwanangu, hiki kinakula betri kuliko redio yangu, na hakilii hata mara mbili kwa mwezi." Alikuwa na haki ya kulalamika, na aliyekitengeneza si tapeli. Ni kosa dogo la kuunganisha sakiti ziitwazo inveta zilizo ndani ya chipu, nasi tumelikuta katika vifaa vingi vinavyoletwa mezani kwetu.

Kwanza niondoe mkanganyiko mmoja, kwa sababu kila wiki tunaletewa mashine za sola kutokana na jina hili. Inveta ninayoizungumzia si ile ya kubadilisha umeme wa betri uwashe televisheni. Ni sakiti ndogo mno ndani ya chipu, inayogeuza ishara ya juu kuwa ya chini na ya chini kuwa ya juu. Tafadhali msituletee inveta za sola. Hatuzipimi katika dawati hili.

Inveta ya CMOS, aina inayotumika katika chipu hizi, ina transista mbili, yaani milango midogo ya umeme, zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ya juu, aina ya P, imeunganishwa na chanya ya betri. Ya chini, aina ya N, imeunganishwa na hasi. Ingizo likiwa chini kabisa, ya juu inafunguka na ya chini inajifunga. Likiwa juu kabisa, mambo yanageuka. Katika hali zote mbili mlango mmoja umefungwa, hivyo umeme hauna njia ya kupita kutoka chanya hadi hasi. Ndiyo maana chipu ya 74HC04, yenye inveta sita, hairuhusiwi na mtengenezaji wake kuvuta zaidi ya mikroampia 2 ikiwa imetulia kwenye nyuzi 25. Kwenye nyuzi 85 kikomo hicho ni mikroampia 20, maana joto huongeza uvujaji. Huo ndio upotevu tuli.

Upotevu wa pili ni wa mwendo. Kila ishara inapopanda, chipu inajaza chaji kwenye waya na maingizo yaliyo mbele yake, na inaposhuka chaji hiyo inamwagwa. Hesabu yake ni `P = C × V² × f`: uwezo wa kubeba chaji, mara volti kwa volti, mara idadi ya mizunguko kwa sekunde.

Hapa ndipo wengi wanapojichanganya. Kijana aliyetengeneza kengele ya yule mama aliniambia alishapunguza kasi ya ishara kutoka mara 10 kwa sekunde hadi mara moja, na betri ikaisha vilevile. Tulipiga hesabu pamoja. Betri tatu ndogo zinatoa volti 4.5, na mzigo wa chaji tuliukadiria kuwa pikofaradi 50. Kwa mizunguko 10 kwa sekunde, upotevu wa mwendo ni kama nanowati 10, yaani mkondo wa nanoampia 2 hivi. Hata angezima ishara hiyo kabisa, asingeokoa kitu. Nimelieleza hili mara nyingi na nitalirudia: kupunguza kasi kunasaidia pale tu ambapo kasi ndiyo inayokula betri.

Tulipoweka multimita mfululizo na betri, kifaa kilikuwa kinavuta miliampia 2. Kisha nilisogeza kidole karibu na chipu bila kuigusa, na namba ikaanza kucheza. Dalili hiyo ikionekana, angalia pini kabla ya kitu kingine. Kati ya inveta sita, alitumia mbili. Maingizo ya zile nne aliyaacha yakielea, akidhani kisichounganishwa hakitumii kitu.

Ingizo linaloelea halina hali. Linaokota umeme wa hewani na wa mkono wako, na mara nyingi hukaa katikati, karibu na volti 2. Hapo transista zote mbili zinafunguka nusu nusu, na umeme unapita moja kwa moja kutoka chanya hadi hasi, usiku na mchana, pasipo kazi yoyote. Betri ya miliampia-saa 2000 ikigawanywa kwa miliampia 2 inatoa saa 1000, yaani wiki sita. Ndivyo yule mama alivyohesabu kwa kalenda yake.

Dawa ni kulehemu maingizo yote yasiyotumika kwenye hasi, au yote kwenye chanya. Matokeo ya inveta hizo yaachwe wazi. Narudia, matokeo. Tumeshaletewa bodi ambazo fundi aliyafunga na matokeo pia kwenye hasi, na chipu ikapata joto. Baada ya marekebisho, kengele ilivuta mikroampia 6 kwa jumla. Kwa mkondo huo betri itachakaa kwa umri wake kabla ya kuisha kwa matumizi.

Lilibaki tatizo la pili: kengele ilikuwa inakwaruza inapokaribia kulia. Kwa volti 4.5, 74HC04 inahesabu chochote chini ya volti 1.35 kuwa chini, na chochote juu ya 3.15 kuwa juu. Chipu ya aina hiyo hiyo ikiipa ishara mwenzake bila mzigo mkubwa, hutoa angalau 4.4 au si zaidi ya 0.1. Inabaki volti 1.25 kila upande, na hiyo ndiyo nafasi ya kuhimili kelele: umeme wa kuokotwa ukiwa chini ya hapo, hakuna kinachoharibika. Ila waya wa boya linalohisi kiwango cha maji ulikuwa na urefu wa mita 40 kutoka tangini, na rezista ya kilo-omu 100 ndiyo iliyokuwa ikipandisha volti yake. Ishara ilipanda polepole, ikakaa katika eneo la katikati kwa sehemu ya milisekunde, na hapo nafasi ile haipo tena. Kelele kidogo tu inaigeuza inveta mara nyingi mfululizo. Mtengenezaji wa chipu anataka ishara ipande ndani ya nanosekunde 500.

Tulibadilisha chipu ikawa 74HC14, yenye pini zilezile. Hiyo ina kizingiti kimoja cha kupanda na kingine cha kushuka, hivyo haiyumbi katikati. Haiondoi mkondo wa muda mfupi wakati ishara inapita katikati, lakini inaondoa ukwaruzaji.

Wanaotaka kupimiwa walete vifaa vitatu vya toleo moja, mchoro wa sakiti wenye namba za pini, na betri mpya. Fomu ijazwe na mtengenezaji mwenyewe, si dalali. Mchoro usipoonyesha maingizo yasiyotumika yameenda wapi, fomu inarudishwa siku hiyohiyo. Kifaa kikishindwa kipimo cha mkondo tuli hakipewi stika, na ada ya kupima upya hulipwa yote. Hatuna mamlaka ya kuisamehe, hata kama kosa ni pini moja. Kabla ya kuja, pima mkondo ukiwa umefunga kifuniko, kisha kiguse kifuniko kwa kiganja. Namba ikisogea, rudi kwanza kwenye pini zako.