LC au TT? Rola 1,600 za mama wa Mwanjelwa

Mama mmoja mwenye duka la vipuri pale Mwanjelwa, Mbeya, alinijia na ankara ya muuzaji wa China: rola 1,600 za mpira za mashine ya kukobolea mpunga, dola 15 kila moja, jumla dola 24,000 mpaka bandari ya Dar es Salaam. Mpunga wa Kyela na Usangu ukianza kuingia, rola ndiyo inayoisha kwanza kwenye mashine, kwa hiyo alijua zitauzika.

"Kaka, nimeambiwa LC ndiyo salama. Nifungue?"

Nikamuuliza, salama dhidi ya nini?

LC ni ahadi ya benki yako kwamba italipa muuzaji akileta hati zilizotajwa, zikiwa sahihi na ndani ya muda. Kanuni zinazotumika karibu kote duniani, UCP 600 za mwaka 2007, zinasema wazi kuwa benki inashughulika na hati, si bidhaa. Inapewa siku tano za kazi kuzikagua, na hakuna anayefungua katoni.

Hilo nililiona nikiwa bado nakaa dawati la benki. Mteja alifungua LC kwa rola kama hizi hizi. Hati zilikuja safi, benki ikalipa. Rola zenyewe mpira wake ulikuwa laini, zikalika kabla mwenye mashine hajarudisha hela yake. Mteja alikuja kutufokea, nami nilimhurumia, lakini benki ilikuwa imetimiza kazi yake. Ahadi ya LC haivunjwi kwa sababu mnunuzi hajaridhika na mzigo. Kinga yake ilikuwa kwenye fomu ya maombi: angedai cheti cha ukaguzi kutoka kampuni huru aliyoitaja kwa jina, kinachoeleza vipimo na ugumu wa mpira. Yeye alidai ankara, orodha ya mzigo na hati ya shehena tu, na zote, isipokuwa hati ya shehena inayotolewa na kampuni ya meli, muuzaji hujiandikia mwenyewe.

Kwa mama wa Mwanjelwa kulikuwa na jambo la pili. Kwa mteja mdogo asiye na dhamana, benki kwa kawaida hutaka fedha yote iwekwe kando siku LC inapofunguliwa. Mwezi mmoja kiwandani, mwingine hivi baharini: dola 24,000 zingelala wakati duka linahitaji mzunguko. Juu yake ada za kufungua, za kurekebisha na za dosari kwenye hati, ambazo kwenye mzigo mdogo zinauma. Muuzaji naye huenda asiiamini benki asiyoijua, akataka benki ya kwao iithibitishe LC, yaani nayo iahidi kumlipa, na hiyo ni ada nyingine.

Usidhani muuzaji analala usingizi na LC. Meli ikichelewa siku mbili baada ya tarehe ya mwisho ya kupakia, hati zake zina dosari, na ahadi ya benki inageuka hisani ya mnunuzi. Nimeona wanunuzi wakitumia dosari ya namna hiyo kuomba punguzo.

Tukachagua TT, yaani kutuma fedha moja kwa moja kutoka benki yako kwenda akaunti ya muuzaji, kwa mafungu: asilimia 30 ya kuanzia, yaani dola 7,200, na dola 16,800 zilizobaki baadaye. Hiyo 30 ni hatari ya mnunuzi, kwa sababu TT ikishaingia kwenye akaunti ya mtu, kuirudisha kunategemea ridhaa yake. Muuzaji naye ana hatari ya kubaki na mzigo, ila rola za saizi ya kawaida atamuuzia mwingine. Ingekuwa mashine ya kuagizwa maalumu, asingekubali 30.

Kitu nilichokizingatia zaidi ni lini hiyo 70 inatoka. Wengi hulipa wakishaona nakala ya hati ya shehena, lakini hapo mzigo uko baharini, na ubovu ukijulikana utakuwa umeshalipa. Tukaandika kwenye mkataba: ukaguzi kiwandani kabla ya kupakia, halafu nakala ya hati ya shehena, halafu 70. Hati halisi muuzaji anakaa nazo mpaka alipwe, na bila hizo mnunuzi hachukui mzigo bandarini; ndiyo kinga yake.

Mkaguzi alikuta katoni 40 zenye rola nyembamba kuliko kipimo. Zikabadilishwa, meli ikachelewa siku tisa, mama akanipigia kila asubuhi.

Kisha siku ya kulipa ikaja baruapepe: "tumebadilisha benki, tuma kwenye akaunti hii." Anuani ilifanana na ya muuzaji, isipokuwa herufi moja. Mama akapiga namba iliyokuwa kwenye ankara ya kwanza, si ile ya baruapepe. Muuzaji hakujua lolote kuhusu akaunti mpya. Dola 16,800 zikaenda kwenye ile ya zamani, na hati halisi, zote tatu, zikafika Mbeya kwa kurieri siku chache kabla ya meli kutia nanga Dar.