Kuiweka dunia kwenye mabano: hodi moja ikisikilizwa kifenomenolojia

Mtu akipiga hodi mlangoni, husikii kwanza kelele kisha ukapiga hesabu kwamba pana mgeni. Unamsikia mgeni. Yuko nje, ni mtu mzima, na dunia aliyosimama ndani yake ilikuwepo kabla hajafika. Hakuna anayeyatamka haya, kwa kuwa tunaishi ndani yake. Mwaka 1913 Edmund Husserl, mwanafalsafa aliyeanzisha fenomenolojia, yaani uchunguzi wa jinsi mambo yanavyojitokeza kwa anayeyapitia, aliyaita mtazamo wa kawaida, akapendekeza yawekwe kwenye mabano. Hatua hiyo aliiita epoke.

Wengi hujikwaa papo hapo, wakidhani kuweka mabano ni kukana kwamba mgeni yupo, au kutia shaka kila kitu kama alivyofanya mwanafalsafa Descartes. Sivyo. Imani kwamba mtu yuko nje inabaki palepale, ila hairuhusiwi kutumika kama hoja. Haisemwi kuwa kweli wala uongo. Inageuka kuwa kitu cha kuchunguzwa. Anayeifuta kabisa kwenye maelezo yake amepoteza nusu ya kazi, maana "yupo kweli" ni sehemu ya jinsi hodi ile inavyosikika. Fizikia ya sauti na elimu ya ubongo nazo huwekwa kando kwa muda, hata zikiwa sahihi kabisa.

Tuichukue hodi hiyohiyo. Chagua tukio fupi namna hii; tukio la saa nzima halichunguziki vizuri. Kisha acha kuuliza limesababishwa na nini, uulize linajitokeza vipi.

Inaposikika "di", "ho" imekwisha. Kama ingekuwa imepotea kabisa, ungesikia "di" tupu isiyo na maana. Kama ingekuwa bado inalia, silabi mbili zingesikika kwa pamoja, vurugu tupu. Hakuna kati ya hayo linalotokea. "Ho" inasikika kama iliyopita sasa hivi, na bado imeshikwa. Katika mihadhara yake ya mwaka 1905 katika chuo kikuu cha Göttingen, Ujerumani, Husserl aliichambua hali hii kwa mfano wa muziki, akapata kwamba kila "sasa" ina mshiko wa kilichotoka kupita na tazamio la kinachokuja. Mshiko huu si kumbukumbu. Ukiikumbuka hodi kesho utakuwa unafanya tendo jipya. Mshiko umo ndani ya kusikia kwenyewe. Na tazamio unaligundua likivunjika: sauti ikikatika kwenye "ho", unahisi pengo, ingawa hukuwa umewaza kwamba "di" inakuja.

Sasa badilisha vitu kwa mawazo. Sauti iwe ya mtoto, iwe ya jirani, iwe ya haraka au ya kuvuta. Mshiko na tazamio vinabaki. Kumfahamu mwenye sauti kunaweza kuondoka. Halafu chukulia umegundua kuwa ile ilikuwa rekodi ya simu. Mara moja "mtu yuko nje" inageuka kuwa "ilionekana kama mtu yuko nje", ingawa silabi hazikubadilika. Hapo unaiona imani ya kuwepo kama tabaka lenye mwenendo wake, jambo lisiloonekana ukiwa bado umo ndani yake.

Dalili ya kwanza kwamba mabano yamefunguka ni neno "kwa sababu". Ukiandika "nilishtuka kwa sababu ubongo ulitarajia silabi ya pili", umeacha kueleza na kuanza kufafanua visababishi. Dalili nyingine ni kuanza kutafuta picha au hisia zilizofichika kichwani, ilhali kinachoelezwa ni hodi yenyewe kama ilivyosikika.

Mabano haya hutumika pia katika utafiti wa mahojiano, hasa kwa njia aliyoijenga mwanasaikolojia Amedeo Giorgi. Huko kosa ninaloliona zaidi ni mtafiti kuorodhesha dhana zake za awali kwenye ukurasa mmoja, kisha akaamini ameshaweka mabano. Mabano huwekwa upya kwa kila sentensi. Mgonjwa unayemhoji akisema, "Mgongo ukiniwaka, choo kinakuwa mbali," usiandike "ana wasiwasi wa kutembea". Muulize umbali huo ukoje: ni hatua anazozihesabu, au ni mlango wenyewe unaoonekana umerudi nyuma? "Kwa nini" humfanya akupe nadharia, pengine aliyoisikia kwa daktari; "ilikuwaje" na "kabla ya hapo kulikuwa na nini" humrudisha kwenye tukio. Kama choo kiko mita sita tu, hilo halisahihishi kauli yake. Umbali anaoueleza ni wa mwili unaouma.

Mwanafalsafa Mfaransa Merleau-Ponty aliandika mwaka 1945 kwamba epoke haiwezi kukamilika, nami nakubaliana naye: hata neno "mbali" limeshabeba dunia ya kawaida. Ndiyo maana maelezo yaleyale husomwa upya baada ya uchambuzi, kila sentensi ikiulizwa kama imetoka kwa mgonjwa au kwa mtafiti.