Kumbukumbu za kikao cha nidhamu: andika alichosema, uamuzi una karatasi yake

Nikiletewa faili la mfanyakazi aliyefutwa kazi, barua ya kumfuta huwa naisoma mwisho. Naanza na kumbukumbu za kikao cha nidhamu, kwa sababu wakili wake naye ataanzia hapo, na ndipo waajiri wengi hapa Mombasa wanapojichongea wenyewe.

Chukulia ghala moja la Shimanzi. Magunia 40 ya sukari yametoka usiku bila geti pasi, na mtunza stoo ameitwa kikaoni. Mwenyekiti anamuuliza ni nani aliyefungua geti. Anajibu: “Geti nilifungua mimi. Karatasi alikuwa nayo supavaiza, akaniambia niache lori lipite, ataileta asubuhi.” Karani, ambaye pengine ana kazi nyingine tatu mezani, anaandika: “Mfanyakazi alikiri kutoa magunia 40 bila kibali. Alijaribu kumsingizia supavaiza, lakini maelezo yake hayakuridhisha.”

Tazama kilichotokea. Mtu amekubali kufungua geti, basi. Kwamba hakukuwa na kibali hajasema. Amesema kibali kilikuwepo, mikononi mwa mtu mwingine. Karani akisema “kumsingizia”, amekwisha kumsafisha supavaiza ambaye hata hajaulizwa. Na “hayakuridhisha” ni uamuzi wa jopo, ulioandikwa na mtu ambaye si mwanajopo, kabla jopo halijakaa kuamua.

Hasara kubwa zaidi ni ile isiyoonekana. Maneno “ataileta asubuhi” yamepotea, na ndiyo yaliyokuwa yanaonyesha pa kwenda: aitwe supavaiza, kifunguliwe kitabu cha getini, atafutwe aliyeshika zamu ya asubuhi. Wanajopo wakija kuamua siku kadhaa baadaye, hawakumbuki kila neno, wanasoma karatasi. Karatasi inawaambia mambo yamekwisha.

Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua, kisha amsikilize na kuyatafakari anayosema. Mwajiri hujitetea kwa kumbukumbu hizo kwamba alisikiliza kwanza, akaamua baadaye. Ikiwa hukumu iko tayari ukurasa wa kwanza, karatasi inamshuhudia kinyume. Na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikiona mtu amefutwa isivyo haki, fidia inaweza kufika mshahara wa miezi 12.

Mimi ningeandika hivi: “Mwenyekiti: Nani alifungua geti? Mfanyakazi: Geti nilifungua mimi…” na kuendelea, swali na jibu, maneno yake mwenyewe. Swali lisiachwe, maana “hapana” peke yake haimsaidii yeyote. Si lazima kila salamu na kikohozi kiingie, lakini majibu yanayogusa tuhuma yaandikwe kama yalivyotamkwa. Kikao kikifanyika kwa Kiswahili na ofisi inataka kumbukumbu za Kiingereza, jibu la Kiswahili libaki, tafsiri ifuate chini yake.

Watu huniuliza kuhusu hali ya mtu: je, kutetemeka kwake kusiandikwe? Andika kinachoonekana, na pale tu kinapohusu mwenendo wa kikao. “Alinyamaza, akaomba swali lirudiwe, likarudiwa” ni sawa. “Alionekana mwenye hatia” si sawa. Watu hutetemeka kwa kuogopa kukosa kodi ya nyumba.

Kumbukumbu za usikilizaji zifungwe kwa saa kikao kilipoahirishwa na mfanyakazi alipotoka. Mashauriano ya jopo yaandikwe kando, na uamuzi na sababu zake uwe kwenye ripoti ya jopo. Nimeona kichwa kinachosema “Kikao cha kumwachisha kazi…”. Hapo hata kumbukumbu zenyewe hazina haja ya kusomwa. Nimeona pia barua ya kufuta yenye tarehe ya siku moja kabla ya kikao. Dosari hiyo hakuna uhodari wa karani utakaoifuta.

Likibaki la mwisho, ni kutia sahihi. Mpe mfanyakazi na aliyemsindikiza nakala wasome. Akisema “hili sikusema”, usifute wala usibishane naye. Linganisha na daftari ulimoandikia kikaoni. Kama ulikosea, sahihisha kwa mstari mmoja juu ya neno, kila mtu atie saini ndogo pembeni. Kama daftari linakubaliana nawe, acha maandishi yalivyo, mruhusu aandike pingamizi lake kwa mkono, liambatishwe. Akikataa kutia sahihi kabisa, andika “amekataa kutia sahihi”, saa, na aliyeshuhudia. Usiongeze kwa nini unadhani amekataa. Na hilo daftari lisitupwe hata kumbukumbu zikishachapwa. Liwekwe kwenye faili lilelile.