Boksi lisilo na sukari ndo lililompandisha sukari

Mi ni mtaalamu wa lishe, na kazini watu wenye kisukari wananiletea maboksi ya siriali kila mara, swali lao karibu wote ni moja, ipi ina sukari kidogo. Wanageuza boksi, macho yanaenda moja kwa moja kwenye mstari wa sukari, wanachukua yenye namba ndogo basi wamemaliza. Mi nawaambia huo mstari usome wa mwisho.

Kuna mama mmoja alikuja na maboksi mawili. La kwanza konfleksi, mbele imeandikwa haikuongezwa sukari, na kweli kwa gramu 100 ilikuwa na sukari 3, wanga 84, nyuzinyuzi 3. La pili ni ya pumba za ngano, sukari 18, wanga 75, nyuzinyuzi 27. Alikuwa ameshalikataa hilo la pili, "daktari, 18 si nitakufa", na kila asubuhi anakula la kwanza, ila sukari yake ya damu saa mbili baada ya kula inagonga 13 mmol/L na hajui imetoka wapi.

Imetoka kwenye wanga. Konfleksi zimepikwa, zikabanwa bapa na kuokwa mpaka wanga wake umelegea, ukiufikisha tumboni unavunjwa kuwa glukosi haraka sana, na mwili haujali kama uliandikwa kwenye lebo kwa jina la sukari au kwa jina la wanga. Ule mstari wa sukari ni sehemu tu ya wanga, umo ndani yake. Nyuzinyuzi nazo ni aina ya wanga lakini utumbo mdogo hauwezi kuzivunja, kwa hiyo hazipandishi glukosi kama wanga mwingine.

Tukachukua mizani ya jikoni nikamwambia mimina kama unavyomimina nyumbani, ikaja gramu 60 wakati boksi linasema mlo mmoja ni 30 (karibu kila mtu anamimina hivyo, mi pia). Sasa piga hesabu ya gramu 60. Konfleksi, 84 toa 3 inabaki 81, mara 0.6 unapata kama gramu 49 za wanga unaogeuka glukosi. Pumba, 75 toa 27 inabaki 48, mara 0.6 ni kama 29, na hizo 29 tayari zina ile sukari yote iliyomtisha ndani yake, haiji juu yake tena. Akaenda kujaribu, bakuli lilelile, maziwa kiasi kilekile, akiwa ameamka na 7 na kidogo siku zote mbili, konfleksi ikampeleka 13.4, pumba 9.6.

Njia fupi ukiwa umesimama mbele ya rafu: gawa wanga kwa nyuzinyuzi. Ikija 10 au chini hiyo unaweza kuifikiria, ikija 5 au chini ni nzuri zaidi. Konfleksi zile ni 28, pumba haifiki 3. Zikishindana mbili zinazokaribiana hapo ndo uangalie sukari, chukua yenye ndogo.

Ila angalia lebo yako imeandikwaje maana zipo aina mbili. Nyingine wanaweka nyuzinyuzi ndani ya wanga, nyingine wameshazitoa, na hizo ukitoa tena unajidanganya. Jumlisha wanga, nyuzinyuzi, protini na mafuta kwa gramu 100, ikizidi 100 ujue zimehesabiwa mara mbili, yaani zimo ndani ya wanga, toa. Ile ya pumba ilikuwa na protini 14 na mafuta 3, jumla 119. Isipozidi 100 jumla haikupi jibu, angalia kama nyuzinyuzi zimeandikwa chini ya wanga kwa kuingizwa ndani kidogo kama ilivyo sukari, hapo zimo.

Na lebo haisemi kila kitu. Oti nzima na oti za kumwagia maji ya moto tu zinaweza kuwa na namba zilezile kabisa, lakini za haraka zimekatwa vipande vidogo na kupikwa kabla, zinapandisha sukari mapema zaidi. Hilo utaliona kwenye kipima sukari tu.

Kwa anayechoma insulini wakati wa kula, au anayemeza vidonge kama glibenklamaidi, usibadilishe boksi kimya kimya. Ukitoka gramu 49 za wanga kwenda 29 na dozi ni ileile unaweza kushuka mno kabla ya mchana, utetemeke na kutoka jasho. Yule mama alikuwa anatumia metformini peke yake ndo maana nilimruhusu ajaribu palepale, na hata yeye nilimwambia aanze na nusu pumba nusu konfleksi kabla ya bakuli zima la pumba, maana gramu 16 za nyuzinyuzi kwa mpigo kwa tumbo lisilozoea, gesi yake sio ya mchezo.